Ratiba ya dawa za Shangazi: nakili kilichochapishwa, kilichobaki uliza

Shangazi yangu anaishi Kamachumu, wilayani Muleba, nami niko Hamugembe, Bukoba mjini. Kila akitoka kliniki ya presha na sukari, mjukuu wake hunitumia picha ya lebo za dawa kwa WhatsApp. Mimi naandika ratiba, naituma, na kijana anaweka kengele kwenye simu. Ukiisikia hivyo utadhani ni kazi ya dakika tano. Kinachoichelewesha ni kwamba lebo huwa na mapengo, na mkono unaoandika hupenda kuyajaza. Lebo imesema vidonge mara mbili kwa siku, mkono umeshaandika saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, wakati hakuna aliyetaja saa yoyote.

Kwanza picha yenyewe. Zamani tulikuwa tunapigiana simu ya video, kijana anaisogeza pakiti karibu na kamera, nami napiga skrinshoti. Jina la dawa husomeka vizuri tu. Tarakimu ndizo zenye matatizo: 1 inafanana na 7, na kingo za pakiti hukata herufi za mwanzo, hivyo 25 inabaki 5. Siku hizi namwambia aweke pakiti mezani karibu na mlango, penye mwanga wa nje, apige picha kutoka juu, kisha aitume kama faili au kwa HD ili WhatsApp isiifinye sana. Chupa ya duara inataka picha mbili au tatu, kila moja irudie neno moja la iliyotangulia, nijue sijaruka kitu. Mng'ao ukifunika tarakimu, naomba picha nyingine. Sikamilishi kwa kukumbuka ya mwezi uliopita, kwa sababu amlodipine, kwa mfano, ina kidonge cha miligramu 5 na cha miligramu 10, na daktari anaweza kubadilisha kliniki hii bila mimi kujua. Jina la Shangazi na namba ya faili navikata kabla picha haijafika kwenye kundi la ukoo. Tarehe siikati.

Ratiba yangu ina safu mbili kubwa. Ya kushoto ni ya kilichochapishwa, herufi kwa herufi, hata kama sikielewi. Ya kulia ni ya alichosema mtu wa dirisha la dawa, na siku aliyosema. Kengele inawekwa kutokana na safu ya kulia tu. Safu hiyo ikiwa tupu, dawa hiyo bado haina kengele, na kinachofuata ni kupiga simu. Kwa bahati namba ya simu huwa imechapishwa chini ya lebo za pale anapotibiwa. Kama haipo, kijana anarudi dirishani na pakiti mkononi.

Nitachukua lebo moja ya Shangazi, ile iliyonifundisha kuhesabu:

```
METFORMIN 500MG TABS
1 BD 1/12  AFTER FOOD
QTY 30
```

BD ni mara mbili kwa siku. OD ingekuwa mara moja, na TDS mara tatu. Ile 1/12 huwachanganya wengi wakadhani ni tarehe mosi Desemba. Ni namna ya kizamani ya madaktari ya kuandika muda: 1/12 ni mwezi mmoja, 2/52 ni wiki mbili, 5/7 ni siku tano. Nazijua, lakini kwenye safu ya kushoto bado naandika 1/12 kama ilivyo. Nikiandika "mwezi mmoja" pale, mtu atakayeisoma ratiba bila lebo hataweza kutofautisha neno la hospitali na tafsiri yangu.

Halafu nazidisha. Kidonge 1, mara 2, kwa siku 30, ni vidonge 60. Lebo inasema 30. Hapo ndipo lebo inapojipinga yenyewe, na mtu anayenakili hawezi kuamua ni tarakimu ipi yenye makosa. Huenda ni mara moja kwa siku na BD imeingia kimakosa. Huenda ni nusu mwezi. Huenda dawa zimehesabiwa pungufu. Kila jibu linaleta ratiba tofauti, na mawili kati ya hayo yangemfanya Shangazi anywe kiasi kisichokusudiwa. Nilipiga simu. Dada wa dirishani alitafuta kwenye kompyuta yake, akaniambia, "Ni mara mbili, kaka, baada ya kula. Dawa zilikuwa zimepungua, tulimpa za nusu mwezi. Mwambie arudi kuchukua zilizobaki." Shangazi aliambiwa hayo siku ile ile, ila alikuwa anawaza gari la kurudi nyumbani.

Safu ya kulia ikajaa. Nikauliza na saa, kwa sababu lebo haikuzitaja: saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, akishakula. Kidonge cha kwanza alikuwa amekinywa usiku wa tarehe 3. Basi kimoja tarehe 3, viwili kila siku kuanzia tarehe 4 hadi 17, jumla 29. Cha thelathini ni asubuhi ya tarehe 18, na usiku wake hakuna kitu. Kwa hiyo chini ya ratiba niliandika kwa herufi kubwa: DIRISHANI KABLA YA TAREHE 18. Kengele ya simu haijui kwamba vidonge vimeisha. Ukiiweka ijirudie kila siku, italia hata pakiti ikiwa tupu.

Sasa saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, simu inaanza usiku wa manane. Saa 2 usiku ya Shangazi ni 20:00 ya simu. Kijana akibonyeza 2:00 kwa haraka, simu itamwamsha bibi yake saa 8 usiku. Ndiyo maana kwenye ratiba kila saa naiandika mara mbili, yetu na ya simu: saa 2 asubuhi, simu 08:00, saa 2 usiku, simu 20:00. Kuna njia nyepesi ya kukagua. Ukimaliza kuweka kengele, simu nyingi hukuonyesha imebaki muda gani mpaka ilie. Ukiiweka saa 10 jioni kwa ajili ya saa 2 usiku, lazima iseme saa nne. Ikisema saa kumi, umeweka 02:00. Namwambia kijana anisomee namba hiyo kabla hajakata simu. Vitochi vingi havionyeshi, hivyo huko naomba anisomee tarakimu nne zilizo kwenye skrini.

Katika lebo za siku ile kulikuwa na paracetamol pia: 2 TDS PRN. Hizo herufi tatu za mwisho maana yake ni pale inapohitajika tu, yaani akiumwa. Dawa ya namna hii haiwekewi kengele hata kama imeandikwa mara tatu kwa siku, maana kengele itamfanya anywe bila maumivu. Naiandika chini ya mstari, nje ya ratiba, na kando yake naacha vyumba vitupu ili aandike kwa kalamu saa aliyokunywa. Kengele humsaidia mtu asisahau. Hapa hatari ni kuzidisha, kwa hiyo anachohitaji ni kumbukumbu ya alichokwisha kunywa. Shangazi alikuwa na Panadol kabatini tangu mwaka jana, akauliza nayo iingie wapi. Haikuwa kwenye lebo, kwa hiyo haikuingia. Ila nilimtajia dada wa dirishani, naye akasema ni dawa ile ile, asichanganye.

Masika ilipoanza aliugua yule mjukuu mwenyewe. Huko Muleba mwaka 2015 watafiti waligawa vyandarua vya aina mpya kwa majaribio, kwa kuwa mbu walishaizoea dawa ya vile vya zamani, na malaria bado ipo. Kijana alipimwa zahanati Jumatatu, akapewa ALU, dawa ya mseto. Bahasha iliandikwa kwa mkono: ALU 4 x 2, siku 3. Hesabu inakubali: vidonge 24, na ndivyo vilivyokuwemo. Vinne vya kwanza alinywa pale pale saa 4 asubuhi.

Ukisoma 4 x 2 peke yake utaweka dozi ya pili saa 4 usiku, saa kumi na mbili baadaye. Safu ya kulia ilikuwa tupu, nikauliza. Muuguzi akajibu, "Dozi ya pili baada ya saa nane." Sentensi hiyo ina njia mbili. Mmoja atasikia zikishapita saa nane, mwingine atasikia ikishagonga saa 8 mchana, na saa 8 mchana ni saa nne tu tangu dozi ya kwanza. Nikamrudishia kwa maneno mengine: "Yaani leo saa 12 jioni?" Akasema ndiyo, saa 12 jioni, halafu Jumanne na Jumatano saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na ale kitu kabla.

Ratiba ikawa na mistari sita, kila mmoja na siku yake:

```
Jumatatu  10:00  4  (amekunywa)
Jumatatu  18:00  4
Jumanne   10:00  4
Jumanne   22:00  4
Jumatano  10:00  4
Jumatano  22:00  4
```

Kwa dawa fupi kama hii situmii kengele ya kujirudia. Kijana aliweka kila moja peke yake, akiifuta ikishalia. Nami nikajiwekea yangu moja Bukoba, Jumanne saa 4 na nusu usiku, ya kuuliza swali moja: vimebaki vingapi? Dozi nne zikishanywewa vinatakiwa kubaki 8. Vikibaki 12 amesahau mara moja, vikibaki 4 amezidisha, na vyote viwili ni vya kumpigia muuguzi usiku ule ule, si vya kurekebisha kwa kuongeza au kuruka dozi kwa akili zetu. Alihesabu, vikawa nane.