Umelipia Chumba, Ukifika Hakuna

Tuseme familia imelipia vyumba viwili katika hoteli moja ya Diani kwa siku tatu za Desemba. Kila chumba ni shilingi 8,000 kwa usiku, jumla 48,000, na pesa zote zimetumwa kwa M-Pesa. Wanafika saa mbili usiku na watoto wamechoka. Mhudumu wa mapokezi anawaambia vyumba vimejaa, ila kuna hoteli nyingine, mbali na ufuo, ambako chumba ni 5,000. Teksi, wajilipie wenyewe.

Hapo ndipo wengi hupoteza haki yao, kwa kukubali kimyakimya. Si kosa kukubali, maana watoto lazima walale. Lakini kabla hujaondoka, mwombe meneja wa zamu akuandikie kwamba buking yako ilikuwepo na vyumba vimekosekana. Akikataa, mtumie ujumbe wa simu hapo hapo mapokezini: “Nimefika saa mbili usiku, nimeambiwa vyumba nilivyolipia vimejaa. Nahamia hoteli mliyonipa kwa sababu sina pa kulala. Sijaacha dai langu la tofauti ya bei na nauli.” Ujumbe huo una saa na tarehe, na baadaye hakuna atakayesema ulihama kwa hiari yako.

Dai lenyewe lionyeshe hesabu. Katika mfano wetu, tofauti ya bei ni 3,000 kwa kila chumba kila usiku; vyumba viwili kwa siku tatu ni 18,000. Ongeza teksi 1,500, na dai ni shilingi 19,500. Kama hukuhamia kokote, dai 48,000 zote. Barua iambatane na uthibitisho wa buking, ujumbe wa M-Pesa wenye nambari ya muamala, na risiti ya teksi. Taja tarehe ya mwisho ya kulipwa. Siku 14 zinatosha.

Hoteli ikikujibu kuwa malipo “hayarudishwi”, usirudi nyuma. Kwa kawaida sharti hilo humhusu mteja aliyeghairi safari. Wewe ulifika, aliyeshindwa kutimiza ni hoteli.

Ukiwa ulilipa kupitia wakala wa safari, mwandikie yeye kwanza, nakala iende hotelini. Wakala hupenda kusema hoteli ndiyo yenye makosa, na hoteli husema haikupokea pesa. Soma ujumbe wako wa malipo: jina lililopokea pesa ndilo la kuanza kudaiwa. Uliyelipa kwa kadi, iarifu benki yako mapema na uombe malipo yapingwe, kwa kuwa muda wa kufanya hivyo una kikomo.

Siku ulizotoa zikipita bila jibu, peleka dai katika Mahakama ya Madai Madogo. Nchini Kenya mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nenda na barua uliyoandika na ule ujumbe wa usiku wa kwanza, ukiwa umechapishwa.