Hasi inayopotea kwenye cos(3 − 2x)

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha sita ∫ cos x dx, atakujibu sin x + C kabla hujafunga mdomo. Mpe ∫ cos(3 − 2x) dx, utaokota majibu ya kila namna: sin(3 − 2x), ½ sin(3 − 2x), hata −2 sin(3 − 2x). La mwisho limezidisha kwa −2, jambo linalofanywa wakati wa kunyambua, ilhali hapa tunarudi kinyume chake na tunapaswa kugawanya. La kwanza limepuuza kabisa kilichomo ndani ya mabano. Lakini la katikati ndilo linalowanasa hata wanaoijua njia: 2 imekumbukwa, hasi yake imeachwa.

Hasi hiyo hupotea kwenye mstari ambao haukuandikwa. Mtu anaandika u = 3 − 2x, anaandika du = −2 dx, vizuri kabisa, kisha anarukia intigrali mpya huku anagawanya kichwani. Usiruke. Andika mstari wa tatu, dx = −½ du, ndipo uweke badala:

∫ cos u · (−½) du = −½ sin u + C = −½ sin(3 − 2x) + C

Hayo mabano yanayozunguka −½ yana kazi. Ukiandika cos u − ½ du bila mabano, mstari unasomeka kama kutoa, na unapofika chini hujui tena kile kistari kilikuwa cha nini. Ni salama zaidi kuitoa −½ nje ya alama ya intigrali mara moja.

Wengine hujikinga kwa kukariri kwamba “ndani kukiwa na hasi, jibu huanza na hasi”. Kanuni hiyo inakufa ukikutana na sin(3 − 2x). Intigrali ya sin u ni −cos u, nayo ikizidishwa kwa −½ inatoa +½ cos(3 − 2x) + C. Hasi mbili zimekutana zikafutana, na aliyekariri ataongeza ya tatu.

Kwenye intigrali yenye mipaka hatari inahamia kwingine. Chukua cos(3 − 2x) kuanzia x = 1 hadi x = 2. Ukitumia u, mipaka nayo lazima ibadilike: x ikiwa 1, u ni 1, x ikiwa 2, u ni −1. Kwa hiyo mpaka wa chini ni 1 na wa juu ni −1. Mpangilio huo unawasumbua wengi, wanaona namba kubwa imekaa chini, wanaigeuza ili ipendeze. Kugeuza kunaruhusiwa, ila kuna gharama yake: kila ukigeuza mipaka, alama ya mbele inabadilika. Hapa −½ inakuwa +½, na tunabaki na

½ ∫ cos u du, kuanzia −1 hadi 1,

ambayo ni ½(sin 1 − sin(−1)), yaani sin 1, takriban 0.841. Aliyegeuza mipaka huku akiiacha −½ ilivyo atapata −0.841.

Utajuaje kwamba umekosea? Tazama grafu kabla ya kukokotoa. Kati ya x = 1 na x = 2, kilichomo ndani ya mabano kinatoka 1 hadi −1, hivyo kosini yake haishuki chini ya cos 1, yaani 0.54, wala haizidi 1. Upana ni 1. Basi eneo lazima liangukie kati ya 0.54 na 1. Jibu la −0.841 haliwezekani. Jibu la 1.683, la aliyesahau nusu, haliwezekani pia. Na ukipata 0.017, kikokotoo chako kiko kwenye digrii. Kirudishe kwenye radiani. Sidhani kuna njia ya haraka kuliko hii katika chumba cha mtihani.

Kama hakuna mipaka, nyambua jibu lako. Kinyambuo cha −½ sin(3 − 2x) ni −½ · cos(3 − 2x) · (−2), na hizo namba mbili zinazaa 1. Ukibakiwa na −1 mbele ya kosini, hasi imepotea. Ukibakiwa na 4 au −2, umekosea pa kugawanya.

Ila usiipeleke mbinu hii ya kugawanya mahali isipofaa. Inafanya kazi kwa sababu kinyambuo cha 3 − 2x ni namba tupu, −2. Kwenye cos(3 − 2x²), kinyambuo cha ndani ni −4x, na x haitolewi nje ya intigrali kama namba. Hapo unahitaji x iwe tayari imesimama mbele: ∫ x cos(3 − 2x²) dx ni −¼ sin(3 − 2x²) + C. Bila x hiyo, intigrali haina jibu linaloandikika kwa fankisheni za kawaida za shuleni.