Mfamasia Ana Leseni. Je, Jengo Limesajiliwa?

Mteja anapoona cheti cha mfamasia ukutani, huridhika kwamba duka zima ni halali. Cheti hicho huthibitisha jambo moja tu: kwamba mtu huyo amesoma, amesajiliwa na anaruhusiwa kufanya kazi ya ufamasia. Mahali dawa zinapotunzwa na kuuzwa husajiliwa peke yake, chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, baada ya wakaguzi kufika na kujiridhisha.

Tuchukue mfano. Mama mmoja humnunulia mwanawe insulini katika famasi ileile kila mwezi. Mwenye duka anahamia chumba kingine ng'ambo ya barabara, ambako kodi ni nafuu. Anabeba makabati, jokofu na vyeti vyote. Mfamasia ni yuleyule na leseni yake iko hai, kwa hiyo mama haoni tofauti yoyote.

Tofauti ipo. Usajili wa jengo haubebwi kama kabati. Hubaki na mahali palipokaguliwa. Chumba kipya hakina dari, na bati huwaka joto tangu adhuhuri. Jokofu limeunganishwa kwenye waya wa kinyozi wa jirani, ambaye huzima umeme afungapo jioni. Insulini ambayo haijafunguliwa yapasa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ikipata joto mara kwa mara hupungua nguvu, na huenda isionyeshe dalili yoyote kwenye chupa. Mtoto atachomwa kipimo sahihi, lakini sukari itaendelea kupanda. Elimu ya mfamasia haiwezi kuipoza dawa usiku. Mkaguzi angeiona kasoro hiyo kabla duka halijafunguliwa, kwa kuwa huangalia namna joto linavyodhibitiwa, jokofu, usafi, na kabati la kufungia dawa zenye udhibiti maalumu.

Leseni ya biashara ya halmashauri nayo haichukui nafasi ya usajili huo. Leseni hiyo humruhusu mtu kufanya biashara. Haisemi kwamba chumba kinafaa kutunzia dawa.

Uingiapo famasi, tafuta cheti cha usajili wa jengo na kibali cha kuendesha biashara ya dawa. Linganisha jina la duka na mahali palipoandikwa na pale uliposimama, kisha tazama kama kibali hakijaisha muda. Anwani ikiwa ya mtaa mwingine, muulize mfamasia kama mahali papya pamekaguliwa. Usipopata jibu la kuridhisha, nunua kwingine na utoe taarifa kwa Baraza la Famasi au kwa mfamasia wa wilaya. Ikiwa umekwisha kununua, tunza risiti na dawa yenyewe. Usimkatishe mgonjwa insulini kwa hofu. Mpeleke kituo cha afya apimwe sukari na apewe nyingine.