Kidirisha cha VPN: Ukibonyeza «OK», Umetoa Nini?

Baada ya uchaguzi wa tarehe 9 Oktoba 2024, mitandao ya kijamii ilizuiwa kwa muda nchini Msumbiji, na watu wengi wakatafuta programu za VPN ili waendelee kuwasiliana. Nyingi hupitishwa kutoka simu hadi simu, bila mpokeaji kujua mwenyewe ni nani. Kwa ndugu zetu wa Quiterajo na vijiji jirani, tunaeleza hapa kidirisha ambacho simu huonyesha programu hiyo inapofunguliwa mara ya kwanza.

Kidirisha husema kwamba programu inataka kuweka muunganisho wa VPN utakaoiwezesha kufuatilia mawasiliano ya mtandao, na kwamba ukubali tu ikiwa unaiamini. Ni maneno ya kweli, lakini simu haijamchunguza mwenye programu. Maneno ni yale yale kwa mwaminifu na kwa tapeli.

Tuchukue mfano wa mchuuzi wa samaki aliyebonyeza «OK», kisha akamwandikia mnunuzi wa Pemba kwa WhatsApp. Kuanzia hapo, data za programu zote za simu, si za WhatsApp pekee, zaweza kupitia mikononi mwa mwenye VPN. Maneno ya ujumbe hatayasoma, kwa kuwa yamefungwa kwa fumbo tangu simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji. Ila ataona kwamba WhatsApp inatumika, saa ngapi na kwa kiasi gani, pamoja na tovuti nyingine zinazotembelewa. Ukurasa usioanza na `https` ataweza kuusoma wote, hata kuubadilisha.

Wapo wanaodhani kwamba VPN hufungua kila kitu simuni. Sivyo. Majina ya watu, picha na kipaza sauti vina ruhusa zake, na kidirisha hiki hakivigusi. Hata hivyo, hayo machache yanayoonekana yana thamani. Facebook ilinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, na programu yake ya VPN, iliyotangazwa kuwa ni ya kulinda data, ikatumika kujua watu wanatumia programu zipi. Mwezi Julai 2023, mahakama ya Australia iliwatoza faini ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha watumiaji.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni kwamba kuizima VPN hakufuti idhini. Alama ya ufunguo iliyo juu ya kioo hutoweka, lakini programu yaweza kuwaka tena bila kuuliza. Idhini hukoma ukiiondoa programu, ukiisahaulisha VPN hiyo katika mipangilio ya simu, au ukiruhusu VPN nyingine ishike nafasi yake.

Na programu ikikutaka pia uweke «cheti» katika simu, kataa. Cheti hicho ndicho kinachoweza kumfungulia mwenye VPN hata kurasa za `https` unazosoma kwa kivinjari, pamoja na nywila unazoandika humo.