Miguu ya Mama Itazame Asubuhi

Mdogo wangu, swali lako kuhusu miguu ya mama inayovimba si geni hapa Nakuru. Mama anarudi jioni kutoka soko la Wakulima, anavua raba, na soksi zimemwachia mstari uliozama juu ya kifundo. Ukibonyeza ugoko wake kwa kidole gumba ukahesabu hadi kumi, shimo linabaki. Basi nyumba nzima inatoa hukumu: ni uzee, ni kusimama, ni maji yetu ya floraidi. Floraidi ya Bonde la Ufa huharibu meno na kuumiza mifupa, hilo ni kweli, lakini lawama ya miguu inayojaa jioni msiitupie.

Jioni miguu yote iliyovimba hufanana, kwa kuwa maji hufuata chini. Hutapata jibu saa hizo. Amka mapema umtazame mama kabla hajashuka kitandani.

Ukikuta miguu imerudi kama kawaida, na mama analala vizuri bila kuhema, shuku mishipa. Ndani ya mishipa inayorudisha damu juu kuna vilango vidogo, na kwa wengi wetu hulegea na umri, damu ikatuama chini. Tazama upande wa ndani wa mguu, juu ya kifundo: ngozi ikigeuka nyeusi kuliko mahali pengine, ikikauka na kuwasha, hiyo ni alama yake. Mara nyingi mguu mmoja huzidi mwenzake. Alale akiwa ameinua miguu juu ya mito kwa nusu saa mara kadhaa mchana, na atembee badala ya kusimama palepale. Zile soksi za kubana humsaidia, ila kwanza daktari apime kama damu inafika vizuri vidoleni, hasa akiwa na sukari.

Lakini usikimbilie kufurahi, mpenzi, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Chukulia mama wa Molo, miaka 70, anayeuza viazi. Miguu yake inavimba jioni, asubuhi imepungua, kila mtu ametulia. Hakuna aliyemuuliza analalia mito mingapi. Alianza na mmoja, sasa ni mitatu. Usiku wa manane anaamka akikohoa, anakaa ukingoni mwa kitanda na kufungua dirisha apate hewa, na nyumbani wanasema ni baridi ya Molo. Kumbe akilala, maji ya miguuni hurudi kwenye damu, na moyo uliochoka ukishindwa kuyasukuma, yanajaa mapafuni. Miguu imekonda, kifua ndicho kimebeba mzigo. Kwa hiyo ukitazama miguu uliza na mito. Uliza pia kama kile kilima cha kwenda nyumbani sasa anakipanda kwa kupumzika njiani. Uzito wake ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo ni maji, si mafuta.

Figo zina tabia nyingine. Mwenye figo zilizoharibika anaamka uso umejaa, kope nzito, na kufika mchana uso umeshuka na miguu ndiyo imepanda. Figo iliyoharibiwa na sukari au presha huvujisha protini kwenye mkojo, na protini ikipungua kwenye damu maji hutoka mishipani na kukaa popote penye ulaini. Muulize kama mkojo wake una povu ambalo halitoweki upesi. Ataona haya kukwambia, muulize tu kwa upole.

Sasa nikugombeze kidogo. Acheni kununua dawa ya maji kwa kemisti! Furosemaidi hukondesha miguu ya moyo na ya figo pia, mnashangilia wiki mbili, na ugonjwa wenyewe unaendelea ndani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Tena chunguzeni mfuko wa dawa alizo nazo. Amlodipini ya presha yenyewe huvimbisha vifundo vya baadhi ya watu, na diklofenaki anayomeza kwa ajili ya magoti huzuia maji mwilini na kuumiza figo. Ya presha asiiache ghafla, daktari ndiye wa kuibadilisha. Ya magoti asiendelee nayo kabla hajapimwa.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na joto, huenda damu imeganda ndani: hospitali siku hiyo hiyo. Akihema akiwa amekaa tu, au kifua kikimbana, msingoje kupambazuke.

Kama hakuna dharura, mpeleke wiki hii kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Aanze na presha, sukari, kipimo cha mkojo cha kijiti kinachoonyesha protini, na damu ya kuangalia figo. Wakishuku moyo, wamwandikie rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru apigwe picha ya moyo. Beba dawa zake zote mfukoni, hata zile za majani, na uingie naye chumbani kwa daktari, kwa sababu najua akiulizwa atasema halali vibaya. Wewe utaje mito anayolalia.