Barua kwa Mkuu wa Shule Kuhusu Mtoto Anayechelewa kwa Sababu ya Umbali

Wazazi wengi wa vijiji vya pembezoni vya Kasulu na Kibondo hufika shuleni baada tu ya kuitwa, na aghalabu huitwa pale mtoto alipokwisha kuandikwa mchelewaji mara nyingi katika daftari la mwalimu wa zamu. Hapo mazungumzo huanza vibaya: shule ina rekodi mkononi, mzazi ana maelezo ya mdomo. Barua iliyoandikwa mapema hubadili hali hiyo, mradi ieleze mambo yanayoweza kupimwa na iombe jambo ambalo Mkuu wa Shule ana uwezo wa kulikubali.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Kidato cha Pili anayesoma shule ya kata iliyo kilomita 8 kutoka nyumbani kwao. Njia ina vilima viwili na bonde lenye kijito. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, ambao ni mwendo wa kawaida wa mtoto mwenye mzigo wa madaftari katika milima yetu, safari ni saa mbili. Shule inataka wanafunzi wawe wamefika saa 1:15 asubuhi kwa usafi, na kipindi cha kwanza huanza saa 2:00. Ili awahi usafi, mtoto huyu hana budi kuondoka saa 11:15 alfajiri.

Hapa pana jambo ambalo wazazi husahau kuliandika, ingawa ndilo lenye uzito kuliko yote. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini jua haliifikii nchi nzima kwa wakati mmoja. Mwezi Februari na Machi, jua huchomoza Kasulu na Kibondo kama saa 1:05 asubuhi, zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam. Mwanga wa kuona njia hutokea kama dakika 20 kabla ya hapo. Kwa hiyo mtoto anayeondoka saa 11:15 hutembea karibu saa moja na nusu gizani, tena katika majira ya mvua, na kijito hukivuka asione maji yamefika wapi. Wazazi wake wakimzuia mpaka saa 12:30, hufika saa 2:30, na kipindi cha kwanza kimempita. Mkuu wa Shule anaweza kuujaribu ukweli huu kwa saa yake mwenyewe, bila kumwita shahidi.

Kabla ya kuandika, mzazi aweke kumbukumbu ya wiki mbili: tarehe, saa ya kuondoka, saa ya kufika, na kama mvua ilinyesha. Siku 10 za masomo zatosha. Kumbukumbu hiyo huonyesha pia kama tatizo kweli ni umbali. Ikiwa mtoto huchelewa kwa dakika zilezile kila siku, na huchelewa zaidi siku za mvua, sababu ni njia. Ikiwa siku moja anafika saa 1:50 na kesho yake saa 3:30 ilhali aliondoka wakati uleule, kuna jambo jingine njiani, na mzazi alijue kabla hajamwandikia mtu. Wapo watoto ambao, wakiogopa adhabu ya langoni, hujificha vichakani hadi saa za kutoka. Uchelewaji wa namna hiyo umekwisha kuwa utoro.

Barua yenyewe yaweza kuwa hivi, baada ya anwani na tarehe:

*Mkuu wa Shule,*

*YAH: KUCHELEWA KWA MWANANGU WA KIDATO CHA PILI NA OMBI LA UTARATIBU WA MUDA*

*Mwanangu aliyetajwa katika kiambatisho amechelewa siku 7 kati ya 10 zilizopita. Tunaishi kilomita 8 kutoka shuleni, naye hutembea saa mbili. Akiondoka saa 11:15 ili awahi usafi, hutembea gizani na kuvuka kijito kilichojaa. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikimruhusu kuondoka saa 12:30, na kosa la kuchelewa ni la uamuzi wangu, si uzembe wake.*

*Naomba, kwa wiki nne kuanzia Jumatatu ijayo, utaratibu ufuatao. Jumatatu na Alhamisi, ambapo kipindi cha kwanza ni Hisabati, nitamleta kwa baiskeli, naye atafika kabla ya saa 1:45. Siku nyingine tatu aruhusiwe kuingia hadi saa 2:30, ajiandikishe kwa mwalimu wa zamu, na aingie darasani kipindi cha pili. Zamu yake ya usafi aifanye wakati wa mapumziko ya saa 4:00. Masomo yaliyompita atayanakili siku hiyohiyo, nami nitakagua madaftari yake kila Jumamosi.*

*Akifika baada ya saa 2:30 bila taarifa yangu, achukuliwe kama mwanafunzi mwingine yeyote. Naomba tukutane baada ya wiki hizo nne tuangalie mahudhurio, na nijulishwe kama kuna nafasi ya hosteli muhula ujao.*

*Wako mtiifu,*

Ombi hili ni dogo kwa makusudi. Mkuu wa Shule hawezi kusogeza ratiba ya shule nzima kwa ajili ya mtoto mmoja, wala hawezi kutoa ruhusa isiyo na mwisho bila wengine kudai yaleyale. Lango, zamu ya usafi na orodha ya wachelewaji ni mambo yaliyo mikononi mwake. Baiskeli imeahidiwa siku mbili tu, kwa kuwa siku nyingine baba huihitaji kupeleka mazao sokoni. Ahadi ya siku tano ingevunjika wiki ya kwanza, na barua yote ingepoteza nguvu. Usafi nao haukuhamishiwa jioni. Mtoto akibaki shuleni hadi saa 11:00, atafika nyumbani jua likikaribia kuzama, na akichelewa zaidi, giza lililokwepwa asubuhi atakutana nalo akirudi.

Barua isilaumu walimu. Hata hivyo, mzazi afahamu kwamba kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko zimeiweka adhabu hiyo kwa makosa makubwa ya nidhamu, isizidi viboko vinne, itolewe na Mkuu wa Shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Kama kuna malalamiko ya adhabu, yaandikwe katika barua nyingine. Yakichanganywa na ombi hili, shule itajibu malalamiko na kuliacha ombi.

Mzazi asiyeandika vizuri amwombe jirani au mtendaji wa kijiji amwandikie, yeye akisema maneno na kutia sahihi au dole gumba. Asimwachie mtoto aandike: mwalimu wa darasa anaufahamu mwandiko wake. Vilevile barua isitumwe kwa mkono wa mtoto. Mzazi aifikishe mwenyewe akiwa na nakala, na nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Zikipita siku 14 bila jibu, mzazi apeleke nakala yenye muhuri kwa Afisa Elimu Kata, akiambatisha kumbukumbu ya wiki mbili. Wakati jibu likisubiriwa, mtoto aendelee kwenda shule kila siku, na kumbukumbu ya saa zake iendelee kuandikwa.