Droo ya friza imeganda, niitoeje?

Swali: Droo ya chini ya friza yangu imeshikwa na barafu. Nikiivuta inalia kama inataka kupasuka. Nichokonoe kwa kisu?

Jibu: Kisu kirudishe jikoni, dada. Nyuma ya ukuta mwembamba wa ndani ya friza huenda mabomba ya gesi yanapita. Ukitoboa moja, umenunua friji mpya. Maji yanayochemka nayo hapana, maana plastiki yenye baridi kali hupasuka ikipata joto la ghafla.

Chomoa waya ukutani, hamisha vyakula, tandika taulo sakafuni. Weka sufuria ya maji ya moto kiasi juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na droo, kisha funga mlango. Baada ya dakika 15 badilisha maji. Halafu kanda kingo za droo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu.

Usianze kwa kuvuta. Isukume ndani kidogo, kisha itikise kushoto na kulia. Ikicheza pande zote, vuta kwa mikono miwili, si kwa mpini peke yake. Bado ngumu? Rudia sufuria.

Barafu ikirudi upesi, bana karatasi mlangoni, kisha ivute. Ikichomoka kirahisi, mpira wa mlango umechoka.